Barua ya Wazi kwa Kamati za Visima na Maafisa wa Maji wa Kwa Vonza

Kwa wenyeviti na wanakamati wa miradi ya maji ya Kwa Vonza na vitongoji vyake, na kwa maafisa wa maji wa kaunti za Kitui na Makueni.

Waheshimiwa,

Naleta mbele yenu jambo ambalo kwa muda mrefu nimeliona likipita bila kuulizwa, nalo ni namna maji ya visima vyetu na ya mto Athi yanavyotekwa, kutiwa chupani na kusafirishwa hadi maabara ili yapimwe chuma, manganizi, risasi na metali nyinginezo. Cheti kirudipo kutoka maabara hupokewa kwa heshima kubwa. Hutiwa katika faili, husomwa katika mkutano, na kwa tarakimu zake kisima hufungwa au hufunguliwa, au mashine ya kuchujia hununuliwa kwa fedha za wafadhili. Lakini mashine ya maabara, hata ikiwa aali namna gani, hupima kile tu kilichofika mbele yake, na kilichofika mbele yake aghalabu si kile kilichotoka ardhini. Vyeti vingi nilivyoonyeshwa huku havisemi maji yalitekwa saa ngapi, katika chupa ya namna gani, kama yalichujwa au hayakuchujwa, wala kama yalitiwa tindikali; na pasipo mambo hayo manne, tarakimu za cheti hazina ushahidi wa kusimamia.

Mnaijua ardhi yenu kuliko nijuavyo mimi. Chini ya mchanga wa Kwa Vonza mna miamba ya zamani sana ambayo visima virefu huitoboa mita mia na zaidi kabla ya kupata maji, na maji yaliyokaa katika nyufa za miamba hiyo, mbali na hewa, huweza kuwa na chuma na manganizi iliyoyeyuka kabisa, kiasi cha kwamba yakichotwa ni meupe kama maji ya mvua, kisha yakikaa kidogo kwenye mtungi huanza kugeuka rangi na kuacha utando mwekundu. Mama atafua kanga nyeupe itoke na madoa ya kutu. Atapika chai, nayo itakuwa nyeusi hata maziwa yasiifae. Hayo ni maji ya visima. Ama mto Athi, ambao unatenga Kitui na majirani zake wa magharibi, unapokea maji ya mto Nairobi pamoja na machafu yake, na tangu ujenzi wa bwawa la Thwake ulipozinduliwa mwaka 2018, wasiwasi kwamba metali za viwanda zitajikusanya humo umesemwa hadharani zaidi ya mara moja. Wasiwasi huo una haki ya kujibiwa kwa vipimo, ila vipimo vyenyewe lazima viwe na asili inayojulikana.

Nianze na chuma, maana ndicho kinachofundisha mengine yote. Chuma kilicho ndani ya mwamba usio na hewa kimo katika hali inayokubali kuyeyuka. Mara maji yapandapo juu na kukutana na hewa, chuma hicho hugeuka na kuwa kutu laini isiyoyeyuka, na katika maji yenye pH ya 7 au zaidi mgeuko huo ni wa dakika, si wa siku. Kutu hiyo huelea kwanza, halafu hushuka chini au hujibandika kwenye kuta za chupa, na wakati inaposhuka haishuki peke yake, kwani chembe zake huvuta risasi, aseniki na metali nyingine zilizokuwamo kwa kiasi kidogo na kwenda nazo. Chupa ikifika Nairobi baada ya siku mbili, maji ya juu ni safi, na mpimaji asiye na habari humimina hayo ya juu katika kichupa chake, akapima, akaandika. Nilionyeshwa cheti kimoja cha namna hiyo, cha kisima ambacho sinki la zahanati inayokitumia limepiga wekundu wa matofali: chuma miligramu 0.04 kwa lita, na pembeni imeandikwa kwamba maji yamefaulu. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa hapa Afrika Mashariki ni miligramu 0.3. Sikuwa na sababu ya kumshuku aliyepima. Chuma kilikuwa kimebaki katika chupa ya kwanza, kimegandamana na plastiki, na chupa yenyewe ilikuwa imekwisha tupwa.

Dawa ya jambo hili imejulikana tangu zamani, nayo ni tindikali ya nitriki. Maji yakiteremshwa hadi pH chini ya 2 papo hapo kisimani, chuma hakigeuki kutu, risasi haishiki ukuta wa chupa, na vijidudu ambavyo vingeyabadili hali maji hayo hufa. Miongozo mingi hutaja mililita moja na nusu ya tindikali nzito kwa kila lita ya maji, na watu huishika tarakimu hiyo kama aya. Lakini maji ya visima vya miamba ya huku mara nyingi yana bikaboneti nyingi, ile ile iachayo ukoko mweupe ndani ya birika, na bikaboneti hula tindikali kabla ya tindikali kufanya kazi yake. Tuchukue mfano wa maji ambayo bikaboneti yake ni sawa na miligramu 400 za chokaa kwa lita: mililita moja na nusu itayafikisha kwenye pH ya 1.8 hivi, na hapo yamehifadhika. Yakiwa na miligramu 800, kiasi kile kile kitayaacha kwenye 2.1, na mtekaji ataondoka akidhani amemaliza kazi ilhali hakuimaliza. Kwa hiyo, kwa chupa ya nusu lita, mimi husema itiwe mililita moja kamili, ambayo huyatosha maji ya kwanza na ya pili pia, halafu ihakikishwe. Kuhakikisha kwenyewe ni kwepesi: chupa hufungwa, hupinduliwa mara kadhaa, kisha maji kidogo humiminwa juu ya karatasi ya kupimia pH. Karatasi haichovywi ndani ya chupa kamwe, kwa kuwa rangi zake ni uchafu kama uchafu mwingine. Na maji yenye bikaboneti nyingi yatatoa mapovu ya gesi mara yatiwapo tindikali, basi kifuniko kisikazwe mpaka mapovu yatulie.

Tindikali hiyo ni hatari, na sipendi kulificha jambo hilo kwa ajili ya kuwavutia. Ni ya kiasi cha asilimia 70, huunguza ngozi na kuipiga rangi ya manjano, na mvuke wake huumiza mapafu. Haifai kubebwa katika matatu miongoni mwa abiria, wala kumiminwa kwa kukadiria kutoka chupa kubwa huku watoto wamezunguka pampu. Njia ya busara ni maabara itoe vichupa vidogo vilivyofungwa, kila kimoja na mililita moja iliyopimwa tayari, tindikali yenyewe ikiwa ya daraja safi linalotengenezwa kwa ajili ya kupimia metali za kiasi kidogo sana, maana tindikali ya kawaida ya viwandani ina chuma na risasi ndani yake. Mtekaji avae miwani na glavu, naye awe na maji ya kutosha karibu ya kujimwagia likitokea la kutokea.

Na ikiwa tindikali haiwezi kufika kisimani? Hapo nataka maafisa wanisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona miradi ikiacha kupima kabisa kwa kisingizio hiki. Kama kinachotakiwa ni jumla ya metali yote iliyomo katika maji, pasipo kutenga iliyoyeyuka na iliyo katika chembe, yaruhusiwa kuyapeleka maji bila tindikali, mradi yafike maabara katika muda wa wiki mbili na tindikali itiwe huko, ndani ya chupa ile ile iliyotoka kisimani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Tindikali ikitiwa katika chupa ya asili, ile kutu iliyoganda ukutani itayeyuka tena na kurudi majini pamoja na ilichokivuta. Lakini haiyeyuki kwa dakika tano. Chupa huchanganywa, huachwa kwa saa zisizopungua 16, na bora ikae usiku na mchana kamili, kisha pH yake hupimwa tena kabla ya tone lolote kutolewa kwa kupima. Maabara inayopokea chupa saa tatu asubuhi na kutoa majibu ya chuma saa nane mchana wa siku ile ile, na maji hayakutiwa tindikali kisimani, imejishitaki yenyewe kwa saa zake.

Kuhusu chupa, maneno yangu ni machache. Itafutwe chupa ya plastiki ngumu nyeupe, isiyo na rangi, ambayo chini yake kumechapwa pembetatu yenye namba 2 na herufi HDPE, na kifuniko chake kiwe cha plastiki vile vile, kisicho na karatasi wala bati ndani. Chupa za kioo cha kawaida hushika baadhi ya metali na kutoa nyingine. Chupa ya soda au ya maji ya dukani haijulikani ilioshwa na nini. Na mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mifugo usitajwe hata kwa mzaha. Chupa mpya nayo si safi kwa sababu tu ni mpya. Hulowekwa katika tindikali ya nitriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10, usiku kucha, kisha husuuzwa kwa maji yaliyosafishwa maabara, hufungwa, na kutiwa katika mfuko wa plastiki mpaka siku ya kazi. Kisimani, chupa tupu husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yatakayotekwa. Ila ikiwa maabara ilikwisha tia tindikali ndani yake, isisuuzwe na wala isijazwe mpaka kufurika, kwani hapo tindikali yote itamwagika chini na chupa itasafiri ikiwa na jina la kuhifadhiwa pasipo uhifadhi wenyewe.

Kuna mtu mmoja ambaye kila mpimaji wa metali anamdai shukrani, naye ni Mmarekani Clair Patterson, aliyeikadiria dunia kuwa na umri wa miaka bilioni 4.55 katika maandishi yake ya mwaka 1956. Alipokuwa akipima risasi katika mawe ili apate umri huo, aligundua kwamba risasi ya vumbi, ya vyombo na ya mikono ya wapimaji wenyewe ilikuwa ikizidi kwa mbali ile iliyokuwa katika jiwe. Na alipoigeukia bahari kwa uangalifu ule ule, tarakimu za risasi baharini zilizokuwa zikitolewa na wenziwe zilionekana kuwa kubwa mno, kwa kuwa kilichopimwa ni uchafu wa merikebu na chupa zao. Ikiwa waliohadaika ni wanazuoni wenye meli na maabara, seuze fundi wetu anayeteka maji kando ya barabara ya vumbi ya Kwa Vonza, huku gari limewashwa, ndoo ya mabati mkononi na bangili ya shaba kifundoni!

Njia ya kuukamata uchafu huo si ya gharama. Chukueni chupa moja zaidi, iliyooshwa pamoja na wenzake, ipelekeni kisimani pamoja na maji safi kabisa ya maabara yaliyo ndani ya chombo kingine, na hapo kisimani, katika upepo ule ule na kwa mikono ile ile, maji hayo yahamishiwe katika chupa, yatiwe tindikali ile ile, yasafiri katika sanduku lile lile. Chupa hiyo haina budi kurudi na sifuri au karibu yake. Ikirudi na zinki, angalieni glavu za mpira na ndoo. Ikirudi na chuma, angalieni vumbi. Ikirudi na risasi ya miligramu 0.008, ilhali kiwango cha juu kwa maji ya kunywa ni 0.01, basi matokeo yote ya risasi ya siku hiyo yaliyo chini ya hapo hayafai kuwatisha wala kuwafariji. Nimeona orodha ndefu za vipimo vilivyogharimu fedha nyingi ambazo chupa moja kama hii ingezihukumu, nayo haikuwamo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya kuteka, maana hapo ndipo kamati, zaidi ya maabara, zina mamlaka. Tuchukulie kisima chenye kina cha mita 120, maji yamesimama kwenye mita 40, na bomba la ukuta wake lina upana wa inchi sita. Ndani ya mita 80 za maji zilizosimama mna kiasi cha lita 1,460, sawa na mitungi 73 ya lita ishirini, na maji hayo yamekaa usiku kucha yakigusana na chuma cha bomba na pampu. Kanuni ya kale husema yatolewe mara tatu ya ujazo huo kabla ya kuteka sampuli, yaani mitungi 219. Kwa pampu ya umeme wa jua itoayo mita tatu za ujazo kwa saa, ni kazi ya saa moja na nusu. Kwa pampu ya mkono ni kutwa nzima. Afisa akija na gari lake saa moja asubuhi na kutaka maji hayo yamwagwe ardhini mbele ya akina mama walioshika foleni tangu alfajiri, atafukuzwa, na atakuwa amestahili. Lakini foleni ile ile ndiyo mtumishi wake bora: na aje saa nne, baada ya watu kuteka, kisima kimekwisha kujisafisha kwa mitungi yao, na kilichobaki kwake ni kupima joto, pH na uwezo wa maji kupitisha umeme kila baada ya dakika tano mpaka vipimo vitatu mfululizo vilingane. Ateke kwenye bomba lililo kichwani mwa kisima, si kwenye bomba la kioski lililo chini ya tangi, kwa sababu ndani ya tangi chuma kimekwisha pata hewa na kushuka sakafuni.

Hata hivyo ipo chupa moja ambayo lazima itekwe kabla ya foleni, na mtu wa kuiteka ni mwanakamati anayefungua pampu asubuhi. Maji ya kwanza yanayotoka, kabla ya mtungi wowote, ni yale yaliyolala ndani ya bomba la kupandishia. Yatieni katika chupa ya kwanza. Baadaye, maji yakitulia, jazeni chupa ya pili bila kuyachuja, na ya tatu baada ya kuyapitisha kwenye chujio la mikroni 0.45, lile dogo linaloshikizwa kwenye bomba la sindano, mkimwaga matone ya kwanza yaliyolisuuza chujio lenyewe. Chujio hutangulia, tindikali hufuata; ikitangulia tindikali, huyeyusha chembe ambazo chujio lilikusudiwa kuzizuia. Na kuchuja huko kufanywe hapo hapo bila kukawia, kwa kuwa chuma kikipata hewa ndani ya bomba la sindano kitaganda juu ya chujio, na chupa ya tatu itadai kwamba hakikuwamo.

Majibu ya chupa tatu hizi, yakiwekwa bega kwa bega, yatawaambia jambo ambalo chupa moja haiwezi. Chuma kikiwa kingi katika ya kwanza na kidogo katika ya pili, lawama si ya mwamba bali ni ya mabomba. Na zinki ikionekana pamoja nacho, hayo ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki ambayo yameanza kuliwa, na dawa yake ni kubadilisha mabomba. Risasi ikitokea katika ya kwanza peke yake, yachunguzeni mabomba na vipande vya shaba vya pampu. Chuma kikiwa kingi katika ya pili na ya tatu kwa kulingana, kimetoka mwambani kikiwa kimeyeyuka, na hapo mabomba mapya ni fedha iliyotupwa kisimani. Kinachohitajika ni kuyapa maji hewa na kuyapitisha kwenye mchanga. Na kikiwa kingi katika ya pili lakini kimepotea katika ya tatu, basi kinasafiri kama chembe, ama kutu ama udongo, na fundi aanze kwa kuangalia kisima kilivyojengwa. Tofauti ya hukumu hizi kwa mfuko wa kamati ni kubwa kupita bei ya chupa mbili za ziada.

Kwa upande wa mto Athi, utengano huu wa kuchuja na kutochuja ni mkubwa zaidi. Mvua za Novemba zikishuka, mto huwa tope jekundu, na udongo wenyewe kwa asili yake una chuma, manganizi na hata chembe ya risasi, kama udongo wowote wa dunia. Maji ya namna hiyo yakitiwa tindikali bila kuchujwa, tindikali huanza kuutafuna udongo ndani ya chupa, na matokeo yake si metali iliyoyeyuka wala si jumla ya metali yote. Ni kitu cha katikati, kinachoongezeka kadiri chupa inavyokaa rafuni. Anayetaka jumla kwa haki ayachemshe maji hayo kwa tindikali maabara kabla ya kuyapima. Anayetaka kujua kilichoyeyuka ayachuje mtoni. Nawasihi wanaotangaza tarakimu za Athi magazetini na mikutanoni waseme ni ipi kati ya hizo mbili, kwani kati yake huweza kuwa na tofauti inayotosha kuzua taharuki au kuifunika. Na mtekaji aingiapo mtoni aelekee maji yanakotoka, aizamishe chupa mbele yake hadi kiwiko, asiteke tope alilolitibua kwa miguu yake.

Muda wa kukaa kwa chupa ni jambo linalowatia watu hofu pasipo sababu. Maji yaliyotiwa tindikali sawasawa hudumu miezi sita kwa metali nyingi, na wala hayahitaji barafu. Ninasema hili kwa kuwa nimewaona watu wakiahirisha safari kwa kukosa barafu ya kuhifadhia chupa za chuma, ilhali barafu ni haki ya chupa za vijidudu. Zebaki ndiyo inayojitenga na kanuni: muda wake ni siku 28, hupenya na kupotea katika plastiki ya kawaida, na maabara isipotoa chupa yake maalumu ni afadhali isipimwe kuliko kupimwa kwa uongo. Kromiamu ile yenye sumu zaidi nayo haitiwi tindikali kabisa, kwa sababu tindikali huweza kuigeuza ikawa ile isiyo na madhara makubwa. Na chupa yenye tindikali ya nitriki isitumiwe kupima floraidi, chumvi, pH wala nitrati, hasa nitrati, kwani nitrati yote mtakayoiona mtakuwa mmeitia wenyewe. Kwa hayo pelekeni chupa nyingine isiyotiwa kitu.

Waheshimiwa, ninachoomba kinawezekana bila bajeti mpya. Kamati zisipokee cheti chochote cha metali ambacho hakikuambatana na karatasi ya mtekaji inayoeleza saa na mahali pa kuteka, foleni ilikuwa imeteka mitungi mingapi, aina ya chupa, kama maji yalichujwa, saa tindikali ilipotiwa na pH iliyofikiwa, pamoja na majibu ya ile chupa ya maji safi. Kaunti ziandike masharti hayo katika kandarasi zao na maabara kabla ya kulipa, nazo ziombe vichupa vya tindikali iliyopimwa viwe sehemu ya huduma. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kipo hapo hapo Kwa Vonza, nacho kina walimu na wanafunzi wa kemia. Naomba wakae siku moja na wanakamati wanaofungua pampu, wawafundishe kuteka ile chupa ya kwanza ya asubuhi, kwa kuwa hakuna afisa atakayefika kabla yao.

Na kwa visima vilivyokwisha fungwa, au vilivyokwisha kununuliwa mashine, kwa nguvu ya cheti kisichosema lolote kati ya hayo, nashauri maji yatekwe upya kabla ya msimu wa kiangazi.

Ni mimi wenu,
Mtekaji sampuli za maji, Ukambani